Lazima waoshwe au lazima wameoshwa? Kitenzi baada ya lazima, inabidi na sharti

"Samaki lazima waoshwe." "Samaki lazima wameoshwa." Sentensi hizi mbili zina maneno yaleyale, ila kitenzi kimebadilika umbo. Ya kwanza inamtuma mtu kazi: samaki hawajaoshwa, na asipowaosha amekosea. Ya pili haimtumi mtu yeyote. Inasema kwamba msemaji, kwa kuwatazama samaki walivyo weupe na wasivyo na damu, anaamini wameshaoshwa. Mtu akiibandika ya pili ukutani akidhani ameandika amri, msomaji ana haki ya kuwapanga samaki bila kuwagusa kwa maji, kwa sababu karatasi yenyewe imemwambia kazi hiyo imeshafanyika.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza. Neno lazima peke yake haliamrishi. Wala inabidi, wala sharti. Maneno haya yanaleta uzito tu. Anayetumwa ni nani, anatumwa nini, na kama kweli anatumwa, hayo yote yamo ndani ya kitenzi kinachofuata. Katika hadithi ndefu msomaji akikosa hapa ataokolewa na maneno ya mbele. Katika maelekezo ya mstari mmoja hakuna cha kumwokoa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Hapa Tanga, ukishuka Sahare asubuhi mashua zinaporudi, utakuta masanduku ya barafu, mengine ni majokofu mabovu yaliyogeuzwa kazi, na vijana wanaopokea changu, tasi na kolekole na kuwapanga. Tuseme mwenye sanduku anataka kuwaachia vijana wake maelekezo yaliyoandikwa. Karatasi ifuatayo nimeitunga mwenyewe, lakini kila kosa lililomo ni la aina ninayokutana nayo mara kwa mara katika matangazo na maelekezo ya kazi:

Lazima funika sanduku.
Wachukuzi wote lazima unavaa buti.
Samaki lazima wameoshwa kabla ya kupangwa.
Inabidi kupanga barafu chini, kisha samaki, kisha barafu.
Barafu ikipungua inabidi utaongeza.
Si lazima uwaache samaki juani.
Sharti kulipa kwanza ndipo samaki wanatoka.

Mzungumzaji wa Kiswahili akiisoma haraka ataelewa karibu yote, na hapo ndipo hatari ilipo. Anaelewa kwa sababu anaijua kazi, si kwa sababu karatasi imesema. Kijana aliyeanza kazi leo hana ujuzi huo wa kujazia.

Umbo la -e

Baada ya maneno haya matatu, kama unaagiza, kitenzi huja katika umbo ambalo sarufi huliita dhamira tegemezi. Mimi nitaliita umbo la -e. Linajengwa kwa kiambishi cha mtenda, kisha mzizi, kisha -e mwishoni: u-funik-e, a-va-e, wa-oshw-e. Halina kiambishi cha wakati. Hakuna -na-, hakuna -li-, hakuna -ta-, hakuna -me-. Ukiona kimojawapo cha hivyo baada ya lazima, ujue sentensi imeacha kuwa agizo.

Mstari wa kwanza wa karatasi yetu, "Lazima funika sanduku", umechanganya njia mbili za kuamuru. "Funika sanduku" ni amri kamili, imekamilika, haihitaji kitu. "Lazima ufunike sanduku" nayo imekamilika. Ukilibandika lazima mbele ya funika unapata kitu kisichokuwa hiki wala kile, kwa sababu amri tupu haikubali kutanguliwa na neno hilo. Lazima ya kumwagiza mtu inataka kitenzi kinachomtaja mtenda wake, na funika hakimtaji.

Mstari wa pili umeharibika mara mbili. "Unavaa" ina -na-, kwa hiyo inaeleza mtu anachofanya sasa au anachofanya kwa kawaida. Halafu wachukuzi ni wengi na kitenzi kimemwelekea mmoja. Hapa mwandishi alianza akizungumza kuhusu watu, akamaliza akizungumza na mtu. Achague. Akizungumza kuhusu wote: "Wachukuzi wote lazima wavae buti." Akimwelekea msomaji mmoja mmoja: "Lazima uvae buti." Akizungumza na kundi lililosimama mbele yake: "Wote lazima mvae buti." Zote tatu ni sahihi. Kwa karatasi ya ukutani ningependelea ile ya pili, maana kila anayesoma anajikuta ndani yake, ilimradi mistari mingine nayo imelenga hukohuko.

Sasa kuna mtego ambao kwa kazi ya samaki hauepukiki, kwa kuwa samaki huchukua upatanisho wa viumbe hai: samaki hawa, samaki wameiva, samaki waoshwe. Amri ikishabeba kiambishi cha kitu nayo huishia na -e. Bi mkubwa akimwambia kijana, "Wafunike, mwanangu," maana yake ni kwamba kijana awafunike samaki. Lakini "Lazima wafunike" ina maana nyingine kabisa: hapo wa- ni watenda, ni watu fulani wanaopaswa kufunika kitu. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, na aliyebeba kazi amebadilika. Ukiwa na lazima na unataka kumwambia msomaji awafunike samaki, andika "Lazima uwafunike". Viambishi viwili, wa mtenda na wa kitu, vyote vionekane. Nimeona maelekezo ambayo nusu ya mistari inasema "wapange", "waoshe", na nusu "lazima wapange", "lazima waoshe", na mwandishi hakuhisi kwamba katikati amewahamishia kazi watu wengine.

Kuhusu kulijenga umbo lenyewe kuna mambo machache tu ya kuangalia. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu visivyoishia na -a havibadiliki mwisho: lazima urudi, lazima ujibu, lazima usamehe, lazima uhesabu. Hapo hakuna -e ya kukuonyesha kwamba umbo ni sahihi, kwa hiyo tazama mwanzo: u-rudi haina alama ya wakati, basi iko sawa. Vitenzi vya silabi moja navyo huiacha ile ku- vinayoibeba katika nyakati. Tunasema unakula, utakuja, umekunywa, lakini lazima ule, lazima uje, lazima unywe. Kwenda inatoa uende.

Lipo pia tatizo la vitenzi vinavyoanza na si-. Kukanusha umbo la -e tunaingiza -si- baada ya mtenda: ufunike, usifunike. Sasa chukua kusimama. "Usimame hapa" ni kumtaka mtu asimame. Kumkataza ni "usisimame hapa". Katika maandishi makubwa ya haraka, anayepita na pikipiki anaona USI na anahitimisha kwamba amekatazwa. Kusindika mlango kuna shida hiyohiyo: usindike, usisindike. Kwa vitenzi kama hivi lazima ina faida isiyo ya uzito. "Lazima usimame hapa" inampa msomaji tegemeo kabla hajafika kwenye USI. Au badili kitenzi: "Subiri hapa."

Pale lazima inapokuwa kukisia

Turudi kwa samaki walioandikiwa kwamba wameoshwa. Kwa nini lugha inaruhusu kabisa kusema "lazima wameoshwa"? Kwa sababu lazima ina kazi mbili. Moja ni kumfunga mtu na wajibu. Nyingine ni kutangaza jambo ambalo akili imelifikia kwa dalili. Ukiona mchanga umelowa asubuhi utasema, "Lazima mvua ilinyesha usiku." Ukiona viatu vya baba mlangoni, "Lazima atakuwa amerudi." Hapo hakuna anayeamrishwa; mvua haiamrishwi. Na kwa kuwa dalili inahusu jambo lililopita, lililopo au lijalo, kitenzi kinabeba alama ya wakati kama kawaida: ilinyesha, amerudi, atakuja.

Hali hiyo inatupa kipimo kizuri. Alama ya wakati ikiwa pale, lazima ni ya kukisia au ya uhakika. "Barafu ikipungua lazima utaongeza" inasomeka kama utabiri: najua tu, utaongeza. Ni kama kumwambia mtu, "Ukila samaki huyo lazima utaumwa tumbo."

Kipimo hicho lakini hakifanyi kazi kinyumenyume. Umbo la -e halimaanishi agizo kila mara. Siku Wagosi wa Kaya wanacheza Mkwakwani utamsikia shabiki akitamba, "Leo lazima washinde!" Hamtumi mtu, ana uhakika, au anatamani kuwa na uhakika. Mwingine atakwambia, "Ukicheza na mwiba lazima ukuchome." Kwa hiyo umbo la -e linaweza kubeba agizo na linaweza kubeba uhakika, na mazingira ndiyo huamua. Umbo lenye -me- au -ta- halibebi agizo hata siku moja. Ndiyo maana kwa maelekezo chagua lile linaloweza kazi hiyo.

Kuna mtu atauliza: je, kama ninachotaka si tendo bali hali? Sitaki kumwambia kijana aoshe samaki. Huenda wameoshwa na mwenzake huko majini. Ninachotaka ni kwamba, wakati anaanza kupanga, samaki wawe katika hali ya kuwa wameoshwa. Swali hili ni la msingi na nadhani ndilo linalowasukuma watu kuandika "lazima wameoshwa". Wanahisi, na wanahisi sawasawa, kwamba "waoshwe" haijasema walichotaka. Kiswahili kina jibu: kitenzi kuwa kinachukua umbo la -e, halafu -me- inafuata kwenye kitenzi kikuu. "Samaki lazima wawe wameoshwa kabla ya kupangwa." Agizo liko kwenye wawe, hali iko kwenye wameoshwa.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwa tundu la chini la sanduku, lile la kutolea maji ya barafu inayoyeyuka. "Tundu lizibwe" inasema ziba. "Tundu liwe limezibwa" inasema kagua. Kama limezibwa endelea, kama halijazibwa fanya. Kijana anayesoma ya kwanza atazibua na kuziba upya hata kama lilikuwa sawa, au atajiuliza kama ni kazi yake. Ya pili ni mstari wa ukaguzi. Kwa orodha za kabla ya kuanza kazi, kama za injini ya mashua, jenereta au pampu ya kisima, umbo hili la liwe limejaa, uwe umezimwa, iwe imefungwa ndilo linalofaa, na inasikitisha kuona linavyoachwa kwa kuogopwa urefu wake. Ni neno moja tu limeongezeka.

Kupanga: kazi isiyo na mwenyewe

"Inabidi kupanga barafu chini" haina kosa la sarufi. Maneno haya yanakubali kitenzi chenye ku-: ni lazima kuvaa buti, inabidi kusubiri, ni sharti kulipa. Tofauti ni kwamba ku- haimtaji mtu. Inatangaza kanuni ya jumla, nayo ni njia nzuri ya kutangaza kanuni kwa umma usioujua: "Ni lazima kuvua viatu" mlangoni kwa jirani haimnyooshei mtu kidole.

Kwenye karatasi ya kazi hali ni nyingine. Pale palipo na watu watatu na kazi moja, kitenzi cha ku- kinamwachia kila mmoja nafasi ya kudhani ni cha mwenzake. Ikiwa unajua nani afanye, mtaje ndani ya kitenzi: "Inabidi upange barafu chini." Na maadam tumefika hapo, mwenye sanduku angesema na kiasi pia. Katika joto la pwani kadirio linalotumika sana ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki, iliyovunjwa vipande vidogo ili igusane na samaki pande zote. "Upange barafu" bila kiasi ni agizo lililonyooka kisarufi tu.

Ku- ina nafasi nyingine iliyo halali kabisa, nayo ni kuendeleza kitenzi kilichotangulia. "Lazima uvunje barafu na kuitandaza chini" ni Kiswahili safi; kuitandaza imekopa mtenda na agizo kutoka kwa uvunje. Mkopo huo unatosha kwa kitenzi kimoja cha karibu. Ukiwa na hatua tatu au nne, rudia umbo la -e kila hatua: uvunje, uitandaze, uwapange, uwafunike. Na pale mtu anapotakiwa kuondoka kwenda kufanya jambo mahali pengine, -ka- inaingia ndani ya umbo la -e bila kulivunja: "Lazima uende ukachukue barafu."

Inabidi ni kitenzi, na kinajua wakati

Lazima na sharti hazibadiliki. Inabidi inabadilika, kwa kuwa ni kitenzi chenye uwezo wa kubeba wakati: ilibidi, imebidi, itabidi, ikibidi, hubidi. Hapa ndipo mstari wa tano ulipopotea. Mwandishi alitaka kuonyesha kwamba kuongeza barafu ni jambo la baadaye, akaiweka -ta- kwenye kitenzi cha pili: "inabidi utaongeza". Wakati unakaa kwenye -bidi. Kitenzi kinachofuata hubaki katika umbo la -e hata dunia igeuke: inabidi uongeze, itabidi uongeze, ilibidi uongeze. Hata tukisimulia la jana tunasema "ilibidi turudi", si "ilibidi tulirudi", ijapokuwa kurudi kwenyewe kulishafanyika.

Kosa jingine la inabidi linasikika sana siku hizi: "wachukuzi wanabidi wavae buti", "wewe unabidi urudi". I- ya inabidi haimhusu mtu. Ukitaka kumtaja anayelazimika ndani ya kitenzi hicho, anaingia kama kitu: inanibidi, inakubidi, inawabidi. "Inawabidi wavae buti." Naamini kosa limetoka kwa kupaswa na kutakiwa, ambavyo hupatana na mtu, "wanapaswa kuvaa", "unatakiwa kurudi", na watu wakavaa inabidi nguo hiyohiyo. Kwa maelekezo mafupi sioni haja hata ya inawabidi. "Inabidi wavae" imeshamtaja mtenda mara moja, inatosha. Na kitu kikitangulia, i- haigeuki: "Sanduku inabidi lifungwe", kamwe si "sanduku linabidi".

Lakini lini utumie inabidi na lini lazima? Kisarufi yote mawili huchukua -e, na vitabu vingi huishia hapo. Watu wanaozungumza huyatofautisha. Inabidi inaweka chanzo cha ulazima nje ya msemaji: hali ya hewa, barafu, bei, kuchelewa kwa mashua. Lazima inasikika kama kanuni imesimama yenyewe, au msemaji ndiye anayeiweka. Ndiyo maana kijana anayempokea mteja aliyemzidi umri atasema, "Shikamoo mzee wangu. Itabidi usubiri kidogo, barafu haijafika." Angesema "lazima usubiri" angeonekana amemwamrisha mtu mzima, na angekemewa na waliopo. Kwa karatasi, tofauti hiyo inatoa mgawanyo unaofaa: lazima kwa kanuni ya kila siku, inabidi kwa jambo linaloletwa na hali fulani. Barafu ikipungua ni hali. "Barafu ikipungua, itabidi uongeze" ndiyo sentensi. Au ikibidi: "Ikibidi, ongeza barafu", na hapo ikibidi imesimama peke yake kwa maana ya kama kuna ulazima, na kitenzi cha mbele yake kikawa amri tupu bila tatizo.

Ndugu wa inabidi ni budi, na huyo ana tabia yake. Hutumika na ukanushi, na kwa kawaida hufuatwa na ku-: huna budi kuongeza barafu. Maana ni ileile ya kulazimika, lakini umbo la kukanusha huwachanganya wanaosoma haraka. Katika maelekezo ya mstari mmoja ningeliacha.

Kukataza na kutolazimisha

"Si lazima uwaache samaki juani." Aliyeandika alitaka kukataza. Alichoandika ni ruhusa: ukitaka waache, usipotaka usiwaache, hulazimiki. Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa kuliko yote katika karatasi ile, kwa sababu sentensi haina dosari yoyote ya kuonekana. Kitenzi kina umbo la -e, upatanisho uko sawa, na maana imegeuka juu chini. Samaki waliosahaulika juani asubuhi hawasubiri adhuhuri kuharibika.

Mahali pa ukanushi ndipo panapoamua. Ukikanusha lazima, umeondoa wajibu: si lazima uwaache. Ukikanusha kitenzi, umeweka wajibu wa kutofanya: lazima usiwaache. Ukisikia si imetangulia lazima, uliza kama mtu ana hiari. Kama hana, si imekaa pasipo pake. Inabidi na sharti nazo hufuata njia hiyo: inabidi usiwaache, sharti usiwaache. Kwa upande wa kuondoa wajibu, hata hivyo, watu hawapendi kukanusha inabidi katika wakati uliopo. Husema si lazima, au hakuna haja ya kufanya hivi.

Kwa kukataza kwenyewe, "lazima usiwaache" ni sahihi ila nzito mdomoni. Kiswahili kina njia nyepesi na kali zaidi: "Usiwaache samaki juani." Umbo la -e lenye -si- ni katazo tosha. Sioni sababu ya kulitanguliza lazima isipokuwa pale unapoliweka sambamba na wajibu mwingine katika sentensi hiyohiyo: lazima uwafunike na usiwaache juani.

Sharti linangoja kitu

Sharti, au shurti kama wengi wa pwani wanavyotamka, ndilo neno linalotumiwa vibaya kwa kufanywa lazima yenye sauti kubwa. Lina kazi yake. Linaeleza jambo linalotakiwa litimie ili jambo jingine lipatikane. Methali imelipanga vizuri: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuna kinachotakiwa, kuna bei yake, na kitenzi ni ainame, umbo la -e lenye a- ya yule mtaka. Hakuna mtoto wa pwani atakayesema "sharti anainama". Masikio yaliyolelewa na methali hiyo yanajua sarufi hii tayari. Ni mkono ndio unaoisahau unaposhika kalamu. Wanaomwelekea mtu moja kwa moja hubadilisha mtenda tu: ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Kwa hiyo mstari wa malipo ndio pekee katika karatasi yetu unaostahili sharti, kwa kuwa una pande mbili: samaki, na fedha inayowatangulia. "Sharti ulipe kwanza ndipo uchukue samaki." Mistari ya buti na barafu haina upande wa pili, hivyo sharti ingening'inia. Angalia pia kwamba sharti ni nomino, na likitumika kama nomino hubadilisha kinachofuata: sharti la kuchukua samaki ni kulipa kwanza, masharti ni matatu. Hapo kitenzi huja na ku-, kwa sababu unataja jambo, hutumi mtu. Kosa huzaliwa mtu akianza na nomino na kumaliza na kitenzi cha wakati: "sharti la kwanza unalipa". Ama "sharti la kwanza ni kulipa", ama "kwanza, sharti ulipe".

Karatasi ya Sahare sasa inaweza kuandikwa hivi:

Lazima uvae buti.
Samaki lazima wawe wameoshwa kabla ya kupangwa.
Tandaza barafu chini, wapange samaki, kisha wafunike kwa barafu. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.
Usiwaache samaki juani.
Barafu ikipungua, itabidi uongeze.
Lazima ufunike sanduku kila unapomaliza kutoa samaki.
Mteja sharti alipe kwanza ndipo achukue samaki.

Mistari saba, na lazima imebaki mara tatu. Hatua za kupanga nimeziacha kuwa amri tupu kwa makusudi, maana mtu anayefuata hatua hahitaji kukumbushwa uzito kila hatua. Anahitaji kujua inayofuata. Humo wapange na wafunike zimesimama bila lazima, hivyo wa- ni samaki na hakuna utata. Mstari wa mwisho umemtaja mteja na ukachukua a-, kwa kuwa kijana ndiye msomaji na mteja ndiye anayelipa. Ungeandikwa "sharti ulipe", kijana angeonekana ndiye mnunuzi. Karatasi hiyohiyo ikigeuzwa kuwatazama wateja, mstari huo mmoja ndio utakaohamia upande wa pili, na hapo utaandikwa kwa u-.